Kutoka Shajara hadi Insha Moja

Shajara yetu ya mwaka mmoja ilikuwa na vipande 43: safari za Kisarawe, mvua, wagonjwa, mahindi ya Kibaha. Tulipoviunga kwa kufuata tarehe tulipata orodha tu, si insha.

Basi tuliisoma yote mara mbili bila kushika kalamu. Mara ya tatu tulipigia mstari kila jambo lililorudi. Tulidhani litakuwa mvua. Kumbe mara 9 tulikuwa tumeandika kwamba mama mmoja alichelewa ibadani, na mara 7 kati ya hizo, siku chache nyuma, tulikuwa tumeandika kwamba kisima kimekauka. Hatukuwahi kuviunganisha, tena tulimwita mvivu.

Tulinakili vipande hivyo kwenye vikaratasi, kila kimoja na tarehe yake, tukavipanga mezani. Viwili vilivyopinga hatukuvitupa, maana vilitupatia aya ya katikati: siku hizo alikuwa akimuuguza mtoto. Vipande vya mahindi tuliviacha, ingawa ndivyo tulivyoviandika vizuri zaidi. Insha ilianza na lawama yetu, ikaishia kisimani.