Yai Ni Lile Lile, Kapime Mafuta

Jirani yangu hapa Kawe Ukwamani aliacha kununua mayai ya kuchemsha kwa kijana anayepita jioni na ndoo yake, kachumbari juu na pilipili pembeni. Alikuwa anakula mawili, siku nyingine matatu, akaona yanamnenepesha. Siku hizi anakaanga mwenyewe. "Kimanda kimoja tu, shoga, na maziwa kidogo," aliniambia. Jumamosi moja nikaenda jikoni kwake na mizani yangu, ile bapa ya betri inayosoma gramu moja moja, nikamwomba apike kama siku zote nami nisimwingilie.

Tuanze na yai lenyewe. Yai la kisasa la saizi ya kawaida, likishavunjwa na ganda kutupwa, lina uzito wa karibu gramu 50. Kila gramu ya yai bichi ina kalori 1.43, kwa hiyo yai zima ni kama kalori 72, na zaidi ya 50 kati ya hizo zimo kwenye kiini. Ukilichemsha hakuna kinachoingia wala kinachotoka, linabaki na kalori zile zile. Majedwali mengine yatakuandikia 78, lakini tofauti hiyo imetokana na mayai yaliyopimwa, haikuletwa na moto. Yai la kienyeji nalo lina kalori chache kwa sababu moja tu, kwamba ni dogo. Likiwa na gramu 35 bila ganda, hesabu yake ni 50.

Kinachobadilika ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ya kupikia ni kalori 9, yawe ya alizeti, ya mawese au ya korosho. Maandishi ya kwenye chupa yanayosema mafuta hayana kolestro hayapunguzi hata kalori moja, na isitoshe hakuna mafuta ya mimea yenye kolestro ya kutajwa. Kijiko kimoja cha chakula kinabeba karibu gramu 14, yaani kalori zaidi ya 120. Kijiko kimoja tu kimeshalizidi yai zima.

Ila mafuta unayomimina si lazima uyale yote, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Namna ya kupima ni hii. Weka kitambaa kilichokunjwa juu ya mizani ili joto lisiiharibu, kisha isomeshe sifuri. Weka kikaango kitupu, andika uzito wake. Mimina mafuta, andika tena. Kaanga, toa yai, kwangua mabaki yaliyoganda, kisha pima kikaango na mafuta yaliyobaki ndani yake. Uzito wa kikaango chenye mafuta kabla ya kukaanga, ukitoa uzito wa baada ya kukaanga, ndio mafuta uliyokula. Kuna kidogo kilichorukia jiko na ukuta, kwa hiyo jibu lako litazidi ukweli kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuharibu hesabu.

Jirani alivunja mayai mawili kwenye bakuli. Hilo "kimanda kimoja" lilikuwa limelificha. Gramu 100 za yai, kalori 143. Akaongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa mabichi ya ng'ombe, ambavyo ni kalori 18 hivi. Kitunguu na nyanya havikufika hata 15, tukaviacha. Halafu akashika chupa ya mafuta akamimina akizungusha mkono, kama tunavyofanya wote. Mizani ikasoma gramu 27. Alipomaliza, kikaangoni zilibaki gramu 4. Mafuta aliyokula ni gramu 23, sawa na kalori 207. Jumla ya sahani ikawa 368, maana yake kimanda kimoja kilikuwa na kalori za mayai matano ya kuchemsha ya yule kijana wa ndoo, na ziada kidogo. Akanitazama kama vile mizani nimeikorofisha mimi.

Tukakaanga yai moja bila kulivuruga, kiini kikiwa kizima, kwa gramu 10 za mafuta. Tulipoliinamisha kwenye mwiko mafuta yakachuruzika, na kikaangoni zikabaki gramu 5. Kwa hiyo tulikula 5, yaani kalori 45, na yai zima likawa na 117. Yai zima hugusa mafuta kwa upande wa chini tu na uso wake ni laini. Kimanda si hivyo. Yai lililopigwa linaumuka, maji yake yanatoka kama mvuke na kuacha matundu, mafuta yanaingia humo. Kisha unakikunja, na mafuta yaliyokuwa juu yanafungiwa ndani. Ukikiona kimanda kinang'aa na sahani ina duara la mafuta pembeni, ujue kilichoko ndani ni kingi kuliko hicho unachokiona.

Maziwa hayana hatia kubwa hapa. Tatizo lake ni pale mtu anapotumia ya unga bila kuyakoroga kwa maji. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wenye mafuta yake kina karibu kalori 40, wakati kijiko cha maziwa ya maji kina 9 tu.

Kuna mtego mwingine kwa wanaopenda kusoma majedwali, kama yale ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Majedwali ya aina hii huandika kwa gramu 100. Utakuta yai la kuchemsha lina 155 na la kukaanga lina 190 na kitu, ukadhani umepata jibu. Lakini yai lililokaangwa limepoteza maji na kupata mafuta, na mafuta hayo ni yale ya jiko la mtafiti, si ya jiko lako. Pima yai likiwa bichi, kisha jumlisha mafuta yako mwenyewe.

Asiye na mizani atenge chupa ya nusu lita ya mafuta kwa ajili ya mayai peke yake, na kila akipika aandike idadi kwa kalamu ubavuni. Nusu lita ni karibu gramu 460. Ikiisha kwenye yai la 40, kila yai limepewa gramu 11 na nusu, kama kalori 100, ikiwa yanayobaki kikaangoni hamwagi.

Tukarudia kimanda. Safari hii kijiko kimoja cha chai cha mafuta, gramu 4 na nusu, kalori 40. Jumla ikashuka hadi 201 kwa mayai yale yale na maziwa yale yale. Cha kwanza cha namna hii kiliganda, kwa sababu kikaango chake ni cha alumini na alitia mafuta kikiwa baridi. Cha pili alikipasha kwanza, akapaka mafuta kwa mwiko hadi pembeni, akapunguza moto ndipo akamimina mayai. Yai zima nalo, juu likichelewa kuiva, halihitaji kumwagiwa mafuta ya moto. Nyunyiza kijiko cha chai cha maji pembeni ya kikaango, funika kwa nusu dakika, mvuke utalimalizia.