SOMO: ANAYEDAI DENI NI NANI?

Mama Neema ni mkulima wa alizeti. Alikopa shilingi 400,000 kwa kampuni ya mikopo iliyoko mjini. Pamoja na riba, alitakiwa kulipa shilingi 460,000. Amekwisha kulipa shilingi 310,000. Mkataba na stakabadhi zote ameziweka sandukuni.

Siku moja alifika kijana mwenye pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimefuata lile deni. Kampuni iliyokukopesha imetuuzia madeni yake. Unadaiwa shilingi 280,000. Zitume leo kwenye simu yangu, la sivyo tutachukua mbuzi wako."

Mama Neema aliogopa, kwa sababu ni kweli anadaiwa. Lakini hakutoa fedha. Alijiuliza maswali mawili. Je, deni limehamishwa kweli? Na je, kijana huyu ametumwa kweli na huyo aliyehamishiwa? Jibu la swali moja si jibu la lile la pili.

Mkopeshaji anaweza kumtuma wakala amkusanyie madeni. Hapo deni bado ni la mkopeshaji, na wakala ni mtu wa kutumwa tu. Mkopeshaji anaweza pia kuliuza deni. Hapo deni linakuwa mali ya mnunuzi, na mdaiwa hupewa taarifa ili ajue sasa amlipe nani.

Mama Neema alisema, "Mwanangu, nionyeshe kitambulisho chako cha kazi, barua ya mkopeshaji wangu, na hesabu ya deni." Kijana alikuwa na karatasi moja tu, yenye jina la Mama Neema na hiyo 280,000. Akasema, "Ukitaka hakikisho, piga namba hii iliyo hapa chini."

Mama Neema hakuipiga namba hiyo. Namba aliyoileta mgeni hupokewa na mwenzake mgeni. Alinakili jina la kijana na namba ya pikipiki, akamwambia arudi wiki ijayo, wakutane ofisini kwa Mtendaji wa Kijiji. Kijana alimtaka atie dole gumba kwenye karatasi. Alikataa. Kutia dole gumba ni kukubali kwamba unadaiwa kiasi kilichoandikwa.

Kesho yake alichukua mkataba wake, akapiga namba iliyoandikwa humo. Kisha alikwenda mjini na stakabadhi zake. Karani alifungua hesabu, akasema, "Ni kweli, mama. Tumeuza madeni kadhaa, na lako limo. Lakini baki lako ni shilingi 150,000." Alimpa barua yenye mhuri. Barua ilitaja jina la kampuni iliyonunua, tarehe ya kuuza, na baki la deni.

Mama Neema alipiga hesabu mwenyewe:

460,000 – 310,000 = 150,000

Hesabu ilikuwa sawa. Deni likiuzwa halizai jipya kwa kuuzwa tu. Mnunuzi hulipokea kama lilivyo, na yale uliyokwisha kulipa yanahesabiwa. Kama kuna faini ya kuchelewa, lazima iwe imeandikwa katika mkataba wako wa kwanza.

Likabaki swali la pili. Karani alimpa namba ya ofisi ya kampuni iliyonunua. Mama Neema alipiga, akataja jina la kijana. Alijibiwa, "Hatuna mfanyakazi wa jina hilo." Basi deni lilikuwa limehamishwa kweli, lakini kijana alikuwa tapeli.

Siku ya miadi kijana hakutokea. Mtendaji alikwisha kupeleka habari polisi.

Je, Mama Neema aliacha kulipa? Hapana. Fedha angempa tapeli, deni lingebaki palepale. Na baada ya kupata taarifa, akiendelea kumlipa mkopeshaji wa zamani anaweza kudaiwa tena. Kwa hiyo alilipa kwa jina la kampuni iliyonunua. Alipotuma kwa simu, alisoma kwanza jina lililotokea, kabla ya kutia namba ya siri. Lilikuwa jina la kampuni, si la mtu. Kisha alidai stakabadhi.

Na yule aliyetishia kuchukua mbuzi? Mtu akisema yeye ni dalali wa mahakama, mwambie akuonyeshe amri ya mahakama. Soma jina la mahakama na namba ya kesi, kisha nenda mahakamani hapo uulize kama amri hiyo ipo.

MASWALI

1. Kwa nini Mama Neema hakupiga namba aliyopewa na kijana?
2. Barua ya mkopeshaji ilitaja mambo gani matatu?
3. Mtu alitakiwa kulipa shilingi 230,000. Ana stakabadhi za shilingi 145,000. Mkusanyaji anadai 120,000. Je, hesabu hiyo ni sawa? Baki ni kiasi gani?