Kipya ni Kipi Hapo?

Wadogo zangu, mmoja wenu wa Mbagala amepokea mchezo wake na anataka kubadilisha simu. Kaniletea tangazo alilolikuta kwenye stetasi ya muuzaji, anauliza kama atoe hela. Linasomeka hivi: "Mzigo mpya umeingia! Simu ya kisasa, teknolojia ya kizazi kipya, muundo wa kipekee. Ipo freshi, fulu boksi. 4G, GB 64. 260,000 tu." Njooni tulisome pamoja, taratibu, maana hela ya mchezo haiokotwi.

Anza na "mpya". Mimi hili neno naliheshimu, kwa sababu lina ukweli wake na uongo wake. Simu ama imetumika ama haijatumika, na muuzaji akisema ni mpya kumbe imeshakaa mfukoni kwa mtu, amedanganya na anabanwa. Ndiyo maana wenye biashara zao wanaliogopa. Sasa tazama lilipowekwa: kilichosemwa kuwa kipya ni mzigo. Mzigo umefika juzi, sawa, lakini ndani ya mzigo uliofika juzi kunaweza kuwa na simu zilizotumika miaka mitatu Dubai. Kiswahili kimetupa upatanisho, tuutumie. Ukisoma "boksi jipya", hilo "jipya" ni la boksi. "Toleo jipya" ni la toleo, na simu ya toleo jipya inaweza kuwa imeshapita mikono miwili. "Betri mpya" ndiyo ya kukushtua kabisa, kwa kuwa simu isiyotumika haina sababu ya kubadilishwa betri. Rudi kwenye tangazo letu utafute mahali palipoandikwa "simu mpya". Hapapo. Maneno mawili tu, na mwenye simu mpya angeyaandika kwa herufi kubwa.

"Ipo freshi" nalo linakuambia kitu, ila si kile unachotamani kusikia. Hapa mjini kitu kisichotumika hakisifiwi kuwa kipo freshi. Tunasema hivyo kwa pikipiki, kochi au friji iliyotumika ikatunzwa. Kwa hiyo neno hili halina ubaya, mradi ulielewe: muuzaji ameshakiri kuwa simu ni ya mtu. Na "fulu boksi" inahusu boksi na vikorokoro vyake, chaji na waya. Boksi linapatikana bila simu.

Haya, "ya kisasa". Hili ndilo neno linalonikera kuliko yote, na nitawapa njia ninayoipimia maneno ya namna hii. Ligeuze. Jiulize kama kuna muuzaji yeyote duniani angeandika kinyume chake. "Simu ya kizamani, karibuni." Hayupo. Basi kama kila simu dukani inaitwa ya kisasa, neno hilo halikutengei simu yoyote. Lifute kwenye tangazo usome tena, utaona hujapoteza kitu. Lakini futa "4G" au "GB 64" uone: hapo umepoteza habari. "Muundo wa kipekee" pia lifute. Upekee wa kweli unatajika kwa jina. Simu za kioo kinachokunjwa zilipoanza kuuzwa na Samsung mwaka 2019, hakuna aliyehitaji kivumishi; ulisema "inakunjwa" na kila mtu akaelewa. Tena upya ule ulikuwa na gharama yake: uzinduzi ulisogezwa kutoka Aprili hadi Septemba baada ya vioo kuharibika mikononi mwa waliopewa kuzijaribu. Kwa hiyo hata ukikuta kitu ambacho hakijawahi kuwapo kweli, uliza wangapi wameshakitumia.

"Teknolojia ya kizazi kipya" inajikanusha yenyewe ndani ya tangazo hilohilo. Hiyo 4G waliyoiandika chini maana yake ni kizazi cha nne, na mitandao ya kizazi hicho ilianza kuuzwa kwa wateja mwaka 2009. Hapa kwetu 5G imeingia tangu 2022. Simu ya 4G inatosha kabisa kwa matumizi ya wengi wetu, mimi mwenyewe ninayo, lakini kizazi kipya siyo.

Sasa niwaeleze kilichotupata, kwa sababu mtu anaweza kuchunga neno "mpya" vizuri na bado akaumia. Mimi na mdogo wangu wa tumbo moja tulikwenda Kariakoo tukanunua simu mpya kweli. Nailoni ya kioo tuliibandua wenyewe, chaji ilikuwa imefungwa kama ilivyotoka kiwandani. Muuzaji alisema mpya na hakudanganya. Alisema pia ya kisasa, na hilo hatukulipima. Usiku nyumbani nikafungua Settings, nikaenda About phone, nikakuta Android 10. Hiyo ilitolewa Septemba 2019. Nikashuka kwenye Android security update, ambapo simu huandika tarehe ya viraka vya mwisho vya usalama ilivyopokea. Ilikuwa imesimama 2021. Nikabonyeza itafute masasisho, ikajibu hakuna. Simu ilikuwa imekaa stoo miaka, haijaguswa na mtu, huku mtengenezaji ameshaacha kuihudumia. Betri nazo huchoka hata zikikaa bila kutumika, na ile ilikuwa haifiki jioni.

Ndipo nilipoyatenganisha hayo mawili kichwani mwangu. Upya ni habari ya mikono iliyoishika. Usasa ni habari ya tarehe, na tarehe haisomwi kwenye tangazo, inasomwa ndani ya simu, kwenye kurasa hizo mbili nilizozitaja. Dakika moja inatosha, ukiwa bado umesimama kaunta na hela yako iko mkobani. Kama programu yako ya benki ndiyo maisha yako, tarehe ya viraka ni muhimu kuliko idadi ya kamera.

Na mkiwa hapohapo kaunta, bonyezeni *#06#, itatokea namba tambulishi ya tarakimu 15. Itumeni kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, TCRA watawajibu ni simu ya aina gani. Ikiwa jina wanalolitaja silo lililo mgongoni mwa simu, irudisheni mezani. Kumbukeni tu kwamba jibu hilo linahusu uhalali wa simu, halisemi kama imetumika.

Mdogo wetu wa Mbagala nilimwandikia maswali matatu amtumie muuzaji kama yalivyo, bila maelezo: "Simu yenyewe ni mpya au imetumika? Ina Android namba ngapi? Viraka vya usalama ni vya mwezi gani na mwaka gani?" Muuzaji alikaa kimya mchana kutwa. Jioni akajibu: "Dada, imetumika kidogo Dubai, Android 13, hiyo ya viraka njoo uangalie mwenyewe." Nimelipenda jibu lake kuliko tangazo lake lote, kwa kuwa sasa kuna kitu cha kuzungumzia bei. Wameanza na 260,000, ameshashuka hadi 215,000, na Jumamosi tunakwenda wote kuiwasha.