Afya ya Jamii: Kwa Nini Pombe Hulewesha Haraka Tumbo Likiwa Tupu

Mafundi wawili wa ujenzi wamelipwa saa kumi na moja jioni. Mmoja hajala tangu chai ya asubuhi, naye anamaliza chupa mbili za bia kwa nusu saa. Mwenzake anaanza na ugali, maharagwe na mboga, kisha anakunywa chupa mbili kama hizo kwa muda wa saa mbili. Wote wamekunywa kiasi sawa, lakini wa kwanza ndiye anayepepesuka. Kwa nini?

Kileo hakihitaji kusagwa kama chakula. Kiasi kidogo hupenya kwenye damu kikiwa tumboni, lakini kingi huingia kupitia utumbo mwembamba, ambao una eneo kubwa zaidi la kufyonza. Kati ya tumbo na utumbo huo kuna mlango wa msuli. Tumbo likiwa tupu, pombe hupita hapo upesi na kufika kwenye damu, kisha ubongo, karibu yote kwa pamoja. Ukiwa umekula, mlango huo huruhusu vitu kidogo kidogo huku tumbo likisaga. Pombe hucheleweshwa, na sehemu yake huvunjwa kabla ya kufika kwenye damu.

Kasi nayo ina uzito. Chupa ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Hivyo chupa moja huchukua saa mbili au zaidi, na mbili huchukua saa nne au zaidi. Pombe kali ya asilimia 40, mililita 250, ina karibu gramu 80, sawa na bia nne.

Chakula kina mipaka yake. Kula baada ya kulewa hakutoi kileo kilicho tayari kwenye damu. Kahawa na maji baridi pia hayaharakishi ini. Fundi wa pili hajapepesuka, lakini bado ana kileo mwilini, kwa hivyo naye asiendeshe bodaboda.

Anayekunywa ale mlo kamili kwanza, anywe polepole, na apishanishe pombe na maji.

Mlevi asipoamka hata akitikiswa, akipumua polepole au kwa vipindi, au midomo na kucha zikibadilika rangi kuwa za samawati, hiyo si usingizi bali ni sumu ya pombe. Mlaze kwa ubavu ili asisakamwe na matapishi, usimlazimishe kula wala kunywa, usimwache peke yake, na mpeleke hospitalini mara moja. Kileo kilichobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala.