Tovuti ipo hewani, Google haioni

Dada mmoja mwenye nyumba ya wageni huko Pangani alinipigia simu wiki ya tatu baada ya mimi kumkabidhi tovuti yake. "Kaka, wageni wanatafuta jina la nyumba Google hawalipati. Mimi nikiandika anwani yote inafunguka vizuri. Shida ni simu zao?"

Simu zao hazikuwa na shida. Niliandika `site:` na kuibandika anwani ya tovuti yake mbele, na Google haikuleta hata ukurasa mmoja. Kipimo hicho si cha kutegemea sana, maana hata kwa tovuti nzima na yenye afya huwa hakitoi kurasa zote. Lakini tovuti ya kurasa sita ikikosekana kabisa kwa wiki tatu, lazima utafute sababu. Na mahali pa kuitafuta ni kwenye Search Console ya Google, si kwenye brauza yako. Huduma hiyo ni ya bure. Unachotakiwa ni kuthibitisha kwamba tovuti ni yako, kwa mfano kwa kuongeza rekodi ya TXT pale unaposimamia jina la tovuti.

Ukishaingia, bandika anwani kamili ya ukurasa kwenye kisanduku cha juu, kile cha `URL Inspection`. Majibu yake yasome neno kwa neno, kwa sababu kila jibu linataja hatua tofauti iliyokwama. `URL is unknown to Google` maana yake Google haijawahi kuusikia ukurasa huo. `Discovered – currently not indexed` maana yake inajua upo, ila haijaja kuusoma. Kwa dada yule lilikuja hili: `Excluded by ‘noindex’ tag`. Yaani roboti ya Google ilifika, ikafunguliwa mlango, ikasoma, kisha ikakuta agizo ndani ya ukurasa wenyewe kwamba usihifadhiwe.

Agizo hilo nililiweka mimi. Wakati wa ujenzi nilienda kwenye WordPress, `Settings`, kisha `Reading`, nikaweka tiki kwenye `Discourage search engines from indexing this site`, ili kazi ambayo haijaisha isianze kuonekana kwa watu. Tiki hiyo huandika mstari huu kwenye kila ukurasa:

```
<meta name='robots' content='noindex, nofollow' />
```

Siku ya kukabidhi sikuiondoa. Wiki tatu za wageni zilimpita dada yule kwa sababu ya kisanduku kimoja, na hilo bado linaniuma. Tangu siku hiyo, kazi ya kwanza baada ya kuhamisha tovuti hewani ni kufungua ukurasa huo wa `Reading`, kabla hata sijamtumia mteja ujumbe.

Nikaondoa tiki, nikahifadhi, nikafungua chanzo cha ukurasa kwenye brauza. Mstari haukuwepo tena. Nikamwambia dada sasa tusubiri. Lakini kabla ya kufunga kompyuta nikarudi Search Console kubonyeza `Test live URL`, ambayo hutuma roboti saa hiyohiyo. Jibu likawa lilelile, noindex bado ipo.

Hapa ndipo wengi wanapoanza kuilaumu Google, na mimi nilikaribia. Kumbe mimi na roboti hatukuwa tunapewa ukurasa mmoja. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye WordPress kama msimamizi, na mtu aliyeingia kwa kawaida hupewa ukurasa uliotengenezwa wakati huohuo. Mgeni wa kawaida, na roboti pia, hupewa nakala iliyokwisha kuwekwa kwenye kache ili tovuti ifunguke haraka. Basi ukitaka kujua Google inapokea nini, uliza seva kama mtu asiyejulikana:

```
curl -s https://www.example.com/ | grep -i robots
curl -I https://www.example.com/
```

Amri ya kwanza ilinirudishia `noindex, nofollow` ileile. Ya pili huleta vichwa vya jibu tu, na kati ya hivyo kulikuwa na viwili vilivyomaliza ubishi: `x-cache: HIT` na `age: 1643210`. Namba hiyo ni sekunde. Igawe kwa 86,400 unapata siku 19. Nakala ilikuwa imekaa kwenye kache ya seva siku 19, na nilipoondoa tiki hakuna kilichoiambia kache kwamba ukurasa umebadilika. Nikaingia kwenye paneli ya kampuni iliyohifadhi tovuti, nikafuta kache yote, kisha ile ya plagini. Nikarudia amri. Safari hii kilichorudi kuhusu robots ni `max-image-preview:large` peke yake, mstari ambao WordPress huuweka yenyewe na hauzuii kitu. `Test live URL` nayo ikakubali, nikabonyeza `Request Indexing`. Ukishaomba mara moja inatosha. Kurudia hakukusogezi mbele kwenye foleni.

Siku chache baadaye ukurasa wa mwanzo ukaonekana. Simu ikaja tena: "Kaka, inaonyesha chumba shilingi 45,000. Nilishapandisha, sasa ni 60,000."

Hili ni tatizo jingine. Google haikuonyeshi tovuti yako ilivyo sasa hivi. Inaonyesha ilichosoma siku ilipopita mara ya mwisho. Kwenye `URL Inspection` tazama tarehe ya `Last crawl`, kisha bonyeza `View crawled page` usome kilichohifadhiwa. Tarehe ikiwa ya kabla ya badiliko lako, hakuna kilichoharibika, omba usomaji upya usubiri, siku kadhaa na pengine wiki kadhaa. Tarehe ikiwa ya baada ya badiliko na bado maandishi ni ya zamani, rudi kwenye kache. Yetu ilikuwa ya kabla, kwa hiyo tulisubiri.

Katikati ya kusubiri, rafiki wa dada alimshauri tuizuie Google kwa muda, tuandike `Disallow` ya ukurasa wa bei kwenye faili la robots.txt ili bei ya zamani ipotee. Nilimwomba asifanye hivyo kabisa. Faili hilo humzuia roboti kuingia, wala halifuti kilichokwisha hifadhiwa. Ukishamfungia mlango hataiona bei mpya, wala hataweza kusoma agizo la noindex hata ukiliweka, na maandishi ya zamani yanaweza kubaki kwenye matokeo. Ukurasa usioutaka tena ufute ili seva ijibu 404 au 410, na mlango uache wazi roboti aje ajionee. Kama kuna kitu cha kuondoka haraka, tumia `Removals` ndani ya Search Console. Nayo hukificha kwa takriban miezi sita tu, kwa hiyo ukurasa wenyewe lazima urekebishwe.

Kuna jibu moja ambalo hatua hizi zote hazilitibu, nalo ni `Crawled – currently not indexed`. Hapo Google imeingia, imesoma, haikukatazwa, na imeamua yenyewe kutohifadhi. Ukurasa wa dada wa "Huduma Zetu" ulikwama hapo. Ulikuwa na sentensi mbili ambazo zipo pia kwenye ukurasa wa mwanzo. Sikugusa mpangilio wowote. Nilimwomba aniandikie jinsi mgeni anavyofika kwake kutoka stendi ya Tanga, gari gani apande, ashukie wapi, na boti za kwenda kisiwa cha Maziwe zinaondoka saa ngapi kulingana na maji. Alinitumia sauti za WhatsApp dakika kumi na moja, nikaandika kutoka humo.