Misuko Isipotee Katika Picha Inayochorwa na Kompyuta

Tuchukue picha ya mama mmoja wa Geita aliyesuka twende kilioni, mistari 9 kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Mwanawe anataka kompyuta iigeuze iwe kama mchoro wa rangi. Uso unatoka vizuri, lakini mistari imekuwa 6, tena mingine imeungana. Sababu ni nini?

Modeli ya Stable Diffusion 1.5, iliyotolewa mwaka 2022, haichori moja kwa moja juu ya pikseli. Kwanza huifinya picha, hata kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 ukawa chembe moja. Picha hii ilipopunguzwa hadi upana wa pikseli 512, kichwa kilibaki na 128, na njia kati ya msuko na msuko ilikuwa na pikseli 3 tu. Njia hiyo ilimezwa ndani ya chembe, na modeli ikabuni nywele ilizozizoea.

Dawa ni kukata sehemu ya kichwa kutoka picha asilia, yenye upana wa pikseli 2,048. Sasa kichwa hufikia pikseli 512, na njia 12. Kisha punguza kiwango cha ugeuzaji, `strength`, kutoka 0.7 hadi 0.3, katika hatua 30, modeli itachora kwa hatua 9 badala ya 21. Mtindo utafifia kidogo. Hiyo ndiyo gharama yake.

Mwisho, hesabu mistari. Isipotimia 9, huyo si mama yule. Kwa kilemba, kagua mikunjo na fundo vivyo hivyo.