Suna ya Kuondoa Nywele za Mwili

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Fahamu, ewe ndugu yangu, ya kuwa kunyoa kinena na kunyonyoa kwapa ni katika suna za fitra, nazo zawahusu mume na mke pia. Mpaka wake umo katika hadithi ya Anas aliyoipokea Muslim: zisiachwe kupita siku 40.

Sheria imewasawazisha, bali ada imewatofautisha. Katika miji yetu ya pwani bibi arusi huondolewa nywele za mwili kabla ya harusi, na bwana arusi haulizwi hata habari ya kwapa lake. Kwa hivyo mume hudhani ya kuwa nywele za mikono na miguu ya mkewe nazo ni za fitra. Sivyo, hizo hazikutajwa kwa amri wala kwa makatazo. Ukipenda aziondoe, mwombe kwa upole, wala usimwambie ya kuwa ni suna.

Imamu Shafii alikutwa na Yunus bin Abdul-Aala akinyolewa kwapa. Akasema: najua suna ni kunyonyoa, lakini siyawezi maumivu. Ikiwa Imamu alijihurumia, je, wewe humhurumii mkeo?

Na Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Jabir, aliwazuia masahaba waliorudi safarini wasiingie majumbani kwa ghafula, ili wake zao wapate kuchana na kunyoa. Basi nawe mpe mkeo nafasi, na uhesabu siku 40 zako kabla ya kuhesabu zake.

Wallahu aalam.